Vijiti 43, wanafunzi 45: namna ya kurudisha jedwali la marudio kutoka kwenye picha ya ubao

Darasa la sita walikuwa wameulizana swali moja tu: kwa mama yenu mko watoto wangapi, wewe ukiwemo? Mwanafunzi mmoja alisimama ubaoni na chaki, wenzake wakataja idadi mmoja baada ya mwingine, naye akachora kijiti kwa kila jibu. Kengele ikalia, nikapiga picha kwa simu, ubao ukafutwa. Jioni nilipokaa kuhesabu nilipata majibu 43. Daftari la mahudhurio la siku ile lilisema 45, na wote waliokuwepo walijibu.

Hali hii humpata kila anayefundisha takwimu kwa ubao na chaki. Mwongozo huu unafuata kazi yenyewe nilivyoifanya: kuandaa picha, kuhesabu, kutafuta vijiti viwili vilivyopotea, kuandika jedwali, halafu kueleza umbo la majibu bila kusema zaidi ya yaliyomo.

Andaa picha kabla ya kuhesabu

Ile picha ya kwanza usiiguse. Fanya nakala, na mabadiliko yote yawe kwenye nakala. Kama picha umetumiwa na mtu kwa WhatsApp, mwombe aitume upya kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na kinachopotea kwanza ni michirizi myembamba. Kijiti cha chaki ni mchirizi mwembamba.

Kwenye nakala, kata pembeni ubaki na ubao tu. Ondoa rangi, picha iwe nyeusi na nyeupe. Kisha punguza mwangaza kidogo na uongeze tofauti kati ya sehemu nyeupe na nyeusi. Usiongeze sana: ukivuka mpaka, vumbi la chaki iliyofutwa nalo litaanza kuonekana kama vijiti. Mimi huhifadhi nakala mbili, moja yenye mwangaza mdogo kwa ajili ya sehemu zilizopigwa na jua la dirishani, nyingine yenye tofauti kubwa kwa ajili ya vijiti vilivyofifia.

Tatizo jingine ni picha iliyopigwa kutoka pembeni. Mistari inabanana upande wa mbali, na jicho likitoka kwenye namba kuelekea vijiti linateleza mstari wa juu au wa chini bila wewe kujua. Programu nyingi za picha kwenye simu zina kitufe cha kunyoosha. Usipokiona, weka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu au kompyuta, chini ya mstari unaousoma, uusogeze mstari kwa mstari.

Soma namba za pembeni kwanza

Kabla ya kijiti chochote, andika namba zote za upande wa kushoto kama zilivyo. Kwenye picha yangu zilianza 0 hadi 9. Namba ya mstari wa pili ilionekana kama 7, kwa kuwa mwandishi aliichora 1 na kikofia kirefu juu. Lakini ilikuwa kati ya 0 na 2, na 7 halisi ilikuwepo chini, kati ya 6 na 8. Mpangilio wa namba ndio uliojibu, si sura ya namba moja. Ukikosea hapa, hesabu ya vijiti itakuwa sahihi kabisa na jedwali litakuwa bovu kabisa, na jumla haitakuonya.

Hesabu mafungu, si vijiti

Vijiti huchorwa vinne wima, cha tano kikalazwa juu yao kufunga fungu. Kwa hiyo usihesabu moja, mbili, tatu mpaka mwisho wa mstari. Andika vitu viwili kwa kila mstari: mafungu yaliyofungwa ni mangapi, na vijiti vilivyobaki nje ya fungu ni vingapi. Mstari wa 5, kwa mfano, ulikuwa na fungu moja na vijiti viwili. Hiyo ni 7. Ukiandika hivi, ukirudi kesho utajua ulikosea wapi. Ukiandika 7 peke yake, itabidi uanze upya.

Kuandika mafungu kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Mchoraji hafungui fungu jipya kabla hajafunga la kwanza. Kwa hiyo katika kila mstari, kundi linaloruhusiwa kuwa pungufu ya tano ni la mwisho tu. Ukiona kundi la vijiti vinne, kisha nafasi, kisha kundi jingine, simama hapo. Ama kijiti kilicholazwa kimefifia, ama mchoraji alikosea. Sheria hii ndogo hugundua makosa mengi kuliko miwani.

Kuna kosa la watoto ambalo lazima ulitazamie: wapo wanaochora vijiti vitano wima ndipo walaze kimoja. Je, hilo fungu ni tano, na cha kulaza ni kamba tu ya kufungia, au ni sita? Angalia kwanza mafungu yote ya mwandishi huyo. Kama yote yana vitano wima, jaribu maana zote mbili uone ipi inakubaliana na idadi ya waliojibu. Picha yangu ilikuwa na mafungu 6. Kama kila moja lingekuwa sita, jumla ingefika 51, na darasani walikuwepo 45. Kwa bahati mwandishi wangu alichora vinne wima kila mara, sikuhitaji hesabu hiyo.

Ukimaliza, funika ulichoandika na usome tena kutoka mstari wa chini kwenda juu. Afadhali zaidi mpe mwenzako ambaye hajaona majibu yako. Jicho linalojua jibu huliona jibu hata pasipokuwa na kitu.

Kutafuta vijiti viwili

Usomaji wa kwanza ulinipa 43. Hapa ndipo kishawishi kinapokuja: kuongeza viwili kwenye mstari mrefu, maana nani atajua? Usifanye hivyo. Daftari la mahudhurio linakuambia kwamba kuna kitu kimekosekana, halikuambii kimekosekana wapi. Kila kijiti unachoongeza lazima ukionyeshe kwenye picha kwa kidole.

Nilianza na mistari iliyovunja sheria ya fungu. Ulikuwa mmoja, mstari wa 3: vijiti vinne, nafasi, kisha fungu kamili. Nilikuwa nimeusoma 9. Nilipoukuza kwenye nakala yenye tofauti kubwa, palionekana alama hafifu ikikata kijiti cha pili na cha tatu kwa mshazari, halafu inapotea. Chaki ilikuwa imeteleza. Mlalo wake ulikuwa uleule wa vijiti vingine vilivyolazwa, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Kwa hiyo ni fungu, na mstari ni 10.

Kisha nikaenda kwenye sehemu iliyopigwa na mwanga. Dirisha lilikuwa limeacha doa jeupe mwishoni mwa mstari wa 4. Nilikuwa nimeona mafungu mawili na kijiti kimoja, yaani 11. Kwenye nakala yenye mwangaza mdogo, ndani ya doa kulikuwa na kijiti cha pili, urefu sawa na jirani yake na nafasi ileile kati yao. Mstari ukawa 12, na jumla ikawa 45.

Chaki iliyofutwa nayo ina sura yake, ni vizuri uijue ili usiihesabu. Kijiti halisi kina kingo kali na weupe unaofanana juu hadi chini. Kilichofutwa ni kipana, kina ukungu, na ukungu huo umevutwa kuelekea upande dasta ilikopita. Kwenye mstari wa 6 kulikuwa na kimoja cha aina hiyo baada ya vijiti vitatu. Bila shaka mtoto alitaja 6 akabadilisha jibu. Sikukihesabu.

Jumla kuwa sawa na daftari si uthibitisho wa mwisho. Ukizidisha kimoja mstari mmoja na kupunguza kimoja mwingine, jumla itabaki 45 na utalala usingizi mzuri. Ndiyo sababu ya usomaji wa pili. Na kama baada ya yote vijiti viwili havionekani, weka mstari wa ziada chini ya jedwali: *Havikusomeka, 2*. Kama mstari fulani unaweza kuwa 11 au 12, andika hivyo hivyo. Msomaji anaweza kuishi na shaka iliyoandikwa. Namba iliyotungwa haimwachii hata nafasi ya kushuku.

Jedwali

Hili ndilo lililotoka. Nimeacha safu za mafungu na mabaki ili yeyote mwenye picha aweze kulinganisha.

| Watoto kwa mama | Mafungu ya tano | Vijiti vilivyobaki | Marudio | Jumla ya kukusanya |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 1 | 1 | 1 |
| 1 | 0 | 3 | 3 | 4 |
| 2 | 1 | 1 | 6 | 10 |
| 3 | 2 | 0 | 10 | 20 |
| 4 | 2 | 2 | 12 | 32 |
| 5 | 1 | 2 | 7 | 39 |
| 6 | 0 | 3 | 3 | 42 |
| 7 | 0 | 2 | 2 | 44 |
| 8 | 0 | 0 | 0 | 44 |
| 9 | 0 | 1 | 1 | 45 |

Mstari wa 8 hauna kitu lakini haufutwi. Ukiufuta, 7 na 9 zitakaa jirani na pengo lililopo kwenye majibu litapotea machoni. Safu ya mwisho hupatikana kwa kuongeza marudio ya kila mstari juu ya yaliyotangulia. Lazima imalizikie 45.

Sasa tazama mstari wa kwanza. Swali lilisema *wewe ukiwemo*. Hakuna mtoto aliyekaa darasani ambaye mama yake ana watoto 0. Kijiti kipo kweli, nimekiangalia mara tatu, basi kosa halikuwa la picha bali la swali: kuna aliyehesabu wenzake akajiacha mwenyewe. Unaweza kutaka kumhamishia kwenye 1 ukamaliza. Ila fikiria kidogo. Huyu tumemjua kwa sababu jibu lake haliwezekani. Mwingine aliyejiacha na kusema 3 badala ya 4 amejificha katikati ya wenzake, humwoni. Sifuri moja ni moshi. Moto unaweza kuwa umeenea pengine.

Kwa hiyo kwenye jedwali linalotoka kwenye picha, kijiti kinabaki kilipochorwa, na chini yake unaandika kwamba jibu hili halikubaliani na swali. Marekebisho yanafanyika kwa kurudi darasani na kuuliza nani hakujihesabu, na matokeo yake yanakuwa jedwali la pili lenye tarehe yake. Yasichanganywe.

Hesabu tatu zinazotosha

Modi ni idadi iliyotajwa mara nyingi zaidi: 4, iliyotajwa mara 12. Angalia usije ukaandika kwamba modi ni 12. Ni kosa la kila mwaka. 12 ni mara ilizotajwa.

Mediani ni jibu la mtu wa katikati tukiwapanga wote kuanzia jibu dogo. Kwa watu 45 wa katikati ni wa 23, kwani ana 22 kila upande. Safu ya kukusanya inaonyesha kwamba mpaka mstari wa 3 tumefika mtu wa 20, na mstari wa 4 unatufikisha wa 32. Wa 23 yumo humo, basi mediani ni 4.

Wastani unadai kuzidisha kila idadi kwa marudio yake kabla ya kujumlisha: 0, 3, 12, 30, 48, 35, 18, 14, 0 na 9, jumla 169. Gawanya kwa 45 upate 3.76, au 3.8 kwa kukadiria. Anayejumlisha 0 hadi 9 na kugawanya kwa 10 anapata 4.5, namba inayoonekana ya kuaminika ingawa imesahau wanafunzi wote 45. Kama jedwali liko kwenye programu ya majedwali, idadi ziko A2 hadi A11 na marudio B2 hadi B11, andika:

```
=SUM(B2:B11)
=SUMPRODUCT(A2:A11,B2:B11)/SUM(B2:B11)
```

Ya kwanza ikupe 45. Isipokupa, usiitazame ya pili.

Hapo ndipo unapoweza kupima uzito wa ile sifuri. Ikihamia 1, jumla inakuwa 170 na wastani 3.78. Mediani na modi hazitikisiki. Jibu la 9 lina nguvu zaidi: likiondolewa, wastani unashuka hadi 160 gawanya kwa 44, yaani 3.64. Sisemi liondolewe. Mama wa watoto tisa yupo, na huenda pia mtoto alihesabu watoto wote wa baba yake kwa mama tofauti, maana kwetu hao wote ni ndugu na hakuna anayewatenga. Hilo ni la kumuuliza kwa upole pembeni, si mbele ya darasa.

Kueleza umbo

Watu wengi wakifika hapa huandika *wengi walisema 4* wakafunga daftari. Hiyo haijaeleza umbo, na pia si kweli: waliosema 4 ni 12 kati ya 45, hawafiki hata theluthi. 4 iliongoza, lakini haikupata wengi.

Elekeza jicho kwenye mambo manne, moja baada ya jingine: kilele kiko wapi, majibu yamerundikana kati ya wapi na wapi, kila upande unashuka vipi, na kuna nini kilichojitenga. Kilele ni 4, na 3 inakifuata kwa karibu. Mistari hiyo miwili peke yake ina 22, karibu nusu ya darasa. Ukiongeza 5 unapata 29, sawa na 64 kwa mia. Upande wa kushoto idadi inashuka kwa ngazi, 10, 6, 3, 1. Upande wa kulia inashuka 7, 3, 2, kisha pengo kwenye 8, kisha mmoja peke yake kwenye 9. Mkia wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto: kutoka kilele hadi mwisho ni hatua 5 kulia na 4 kushoto, tena ile hatua ya nne ya kushoto ni ile sifuri yenye mashaka.

Wapo waliofundishwa kwamba mkia ukiwa kulia, wastani lazima uzidi mediani. Hapa mkia uko kulia na wastani, 3.8, uko chini ya mediani, 4. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kanuni ile hushindwa mara nyingi pale majibu yanapokuwa namba nzima chache zilizorundikana, kwa sababu mediani hairuki robo hatua. Inakaa kwenye 4 hata kama watu 20 wako chini yake na 13 tu wako juu. Basi umbo lisome kwenye marudio yenyewe, usilikisie kwa kulinganisha namba mbili.

Maelezo niliyoandika chini ya jedwali ni haya: *Wanafunzi 45 waliokuwepo walijibu. Idadi iliyotajwa zaidi ni watoto 4 kwa mama (wanafunzi 12), na ndiyo ya katikati pia. Karibu wawili kati ya kila watatu walitaja 3, 4 au 5. Waliotaja 6 na kuendelea ni 6, mmoja wao akiwa amejitenga kwenye 9. Jibu moja la 0 halikubaliani na swali. Limeachwa kama lilivyo kwenye picha. Vijiti viwili, kimoja mstari wa 3 na kimoja mstari wa 4, vilipatikana baada ya kukuza picha.*

Ona kwamba maelezo hayasemi akina mama wa mtaa ule wana wastani wa watoto 3.8. Hayawezi kusema hivyo, hata jedwali likiwa safi. Tuliowauliza ni watoto, si mama zao, na mama mwenye watoto wengi ana nafasi nyingi zaidi ya kuwa na mmoja wao darasani. Chukua mama kumi: watano wana watoto 2 kila mmoja, watano wana 6. Wastani kwa mama ni 4. Sasa waulize watoto wote 40. Kumi watasema 2 na thelathini watasema 6, wastani wa majibu yao ni 5. Hakuna aliyedanganya. Na mama asiye na mtoto hakuna wa kumsemea.

Kwenye darasa langu kuna pacha. Walikaa dawati moja, kila mmoja akasema 5, na mama yao akahesabiwa mara mbili. Kwa swali letu, linalomuuliza kila mwanafunzi kuhusu kwao, vijiti vyao vyote viwili ni halali na vimebaki.